Kibao Kisicho na Nafasi: Kukata Maneno ya Kichina na Kithai Kabla ya Kutafsiri

Tuseme umekuta maandishi haya kwenye mlango wa choo: KUNASABUNIHAPANAMAJI. Ukikata namna moja unapata "Kuna sabuni hapa na maji", basi unaingia na kunawa. Ukikata namna nyingine unapata "Kuna sabuni, hapana maji", basi unageuka kutafuta ndoo. Herufi ni zilezile, na sentensi zote mbili ni Kiswahili safi. Kilichozitenganisha ni swali moja dogo: je, NA ni ya neno lililotangulia au inasimama peke yake?

Wachina na Wathai husoma hivyo kila siku. Kichina hupanga herufi moja baada ya nyingine bila kuacha nafasi. Kithai huunganisha maneno, na nafasi huachwa pale kirai au sentensi inapokwisha, au kando ya tarakimu. Aliyezaliwa na lugha hizo hukata kichwani bila hata kujua kwamba anakata. Lakini anayetafsiri, awe mtu mwenye kamusi au programu ya simu, hana budi kukata kwanza. Akikata vibaya, tafsiri hutoka ikiwa na sarufi nzuri na maana potofu, na kosa la namna hiyo ni gumu kuliona kwa sababu sentensi yenyewe inasomeka vizuri.

Mwongozo huu ni wa mtu asiyejua kusoma lugha hizo kwa ufasaha lakini analazimika kuzishughulikia: anayenunua mzigo Guangzhou au Yiwu, anayepeleka vito Bangkok, au anayetafsiri picha za vibao kwa ajili ya wenzake. Utahitaji simu yenye kamera, kamusi nzuri na subira ya dakika kumi.

Hatua ya kwanza: pata maandishi, na upige picha ya mahali

Piga picha mbili. Ya kwanza iwe ya karibu, maandishi yajae kioo. Ya pili piga ukiwa umerudi nyuma hatua tano, ili ionekane kibao kiko wapi: kwenye ngazi, kwenye mlango wa stoo, kando ya barabara au juu ya bomba. Watu wengi hupiga ile ya kwanza tu. Nakuomba usiiache ya pili, kwa sababu mara nyingi ndiyo itakayoamua kesi.

Kisha toa maandishi kwenye picha kwa programu ya simu na uyanakili mahali unapoweza kuyahariri. Linganisha herufi moja moja na picha. Kwa Kichina, angalia mwelekeo: vibao vya wima husomwa kutoka juu kwenda chini, na maduka ya zamani Hong Kong na Taiwan yana mabango yanayosomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Angalia pia mistari. Kibao kikiwa na mistari miwili, pengine mwandishi alikata mstari palipo na mpaka wa neno, na pengine alikata kwa sababu mbao ilikwisha. Uchukulie huo kuwa ushahidi, usiuchukulie kuwa hukumu.

Hatua ya pili: tafuta neno la kufungulia

Vibao vya Kichina vina desturi zake. Vingi huanza kwa neno la kuonya, kukataza au kuomba, na maneno yenyewe ni machache: 小心 na 当心 (jihadhari), 注意 (angalia), 禁止 (ni marufuku), 严禁 (ni marufuku kabisa), 请 (tafadhali), 请勿 (tafadhali usi-). Ukiyajua hayo saba, mpaka wa kwanza unaupata kabla hujagusa kamusi. Kinachofuata huwa ni jambo la kujihadhari nalo au tendo linalokatazwa.

Jambo la pili ni mdundo. Onyo la Kichina hupenda herufi nne, mbili kwa mbili. 小心碰头 ni jihadhari, kugonga kichwa. 小心台阶 ni jihadhari, ngazi. 当心触电 ni jihadhari, kupigwa na umeme. Yaweke haya matatu karibu, maana tutayahitaji sasa hivi.

Hatua ya tatu: tafuta herufi inayogombaniwa

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Nitaifanya kwa kibao ambacho kimewapotosha watu wengi: 小心地滑.

Kwenye soko la jumla, asubuhi mfagizi anapopiga deki, utaona kibao cha plastiki cha rangi ya njano kimesimama sakafuni kwa miguu miwili, juu yake kuna mchoro wa mtu anayeanguka chali, na chini yake herufi hizo nne. Kwa miaka mingi vibao hivi vimeonekana China vikiwa na tafsiri ya Kiingereza inayosema, kwa Kiswahili chetu, "Teleza kwa uangalifu". Msafiri huona kichekesho akapiga picha. Mimi naona kosa lenye chanzo kinachoweza kuonyeshwa kwa kidole.

Andika herufi moja moja, kila moja na kazi zake:

- 小 ni dogo, 心 ni moyo. Zikishikana, 小心 ni neno moja: kuwa mwangalifu.
- 地 ina kazi mbili. Ikisomwa *dì* ni ardhi au sakafu. Ikisomwa *de* haina maana yake yenyewe: hufuata neno na kuligeuza kuwa kielezi, kama vile "kwa" inavyofanya katika "kwa uangalifu", ila yenyewe hukaa nyuma ya neno.
- 滑 nayo ni teleza, tendo, au yenye utelezi, sifa.

Herufi inayogombaniwa ni 地. Kushoto kwake, 小心 inaivuta iwe 小心地, "kwa uangalifu". Kulia kwake, 滑 inaivuta iwe 地滑, "sakafu inateleza". Hakuna kinachobaki nje kwa upande wowote, ndiyo maana mashine na mtu asiye makini wote wanaweza kuridhika na jibu lisilo sahihi.

Namna ya kuitafuta herufi ya aina hii ni hii: kwa kila herufi ya katikati, tafuta katika kamusi ikiwa imeshikana na ya kushoto, kisha ikiwa imeshikana na ya kulia. Pande zote mbili zikikupa neno au kirai chenye maana, umeipata. Usisahau kufungua maana zote za herufi yenyewe, hasa zile fupi zinazofanya kazi ya sarufi. Kamusi nyingi huweka 地 ya *de* na 地 ya *dì* kwenye vichwa viwili tofauti, na anayesoma kichwa cha kwanza tu hataona ugomvi wowote.

Hatua ya nne: andika kila usomaji kwa Kiswahili kamili

Usiamue kichwani. Andika yote mawili kwenye karatasi, uonyeshe mkato kwa mstari:

小心地 | 滑: Kwa uangalifu, teleza.
小心 | 地滑: Jihadhari, sakafu inateleza.

Sasa lete ushahidi. Neno la kufungulia 小心 liko pale, na baada yake tunatarajia jambo la kujihadhari nalo. Mdundo ni mbili kwa mbili kama kwa wale ndugu zake watatu: 小心碰头, 小心台阶, 当心触电. Picha ya pili inaonyesha sakafu iliyoloa na ndoo ya deki pembeni. Na usomaji wa kwanza unamwamuru mtu ateleze, amri ambayo hakuna mwenye jengo angeitoa. Mambo manne yanavuta upande mmoja, basi kesi imekwisha. Kwa Kiswahili cha kibao ningeandika "Tahadhari: sakafu inateleza".

Ukibadilisha mahali, hukumu inaweza kugeuka. Herufi hizohizo zikiwa ndani ya maelezo ya kumfundisha mtoto kuteleza kwenye barafu, "teleza kwa uangalifu" ingekuwa tafsiri sahihi. Mpaka wa neno hauko ndani ya herufi peke yake.

Kuna nyakati ambapo sarufi haikusaidii hata kidogo. Chukua 乒乓球拍卖完了, maneno maarufu katika mifano ya fani hii ya kukata maneno. 乒乓球 ni mpira wa meza, 球拍 ni kibao cha kuchezea, 拍卖 ni mnada, 卖完 ni kuuzwa hadi kwisha, na 了 huonyesha kwamba jambo limetimia. Anayegombaniwa ni 拍 wa katikati. Akienda kushoto, 乒乓球拍 | 卖完 | 了, "vibao vya mpira wa meza vimekwisha". Akienda kulia, 乒乓球 | 拍卖 | 完了, "mnada wa mipira ya meza umekwisha". Sentensi zote ni timilifu. Ikiwa karatasi imebandikwa kwenye kioo cha duka la vifaa vya michezo, ni ya kwanza. Ikiwa iko kwenye mlango wa ukumbi wa mnada, itabidi umuulize mtu. Pale unapoulizia bidhaa, kosa hili lina gharama: mmoja anakwambia rudi kesho mzigo ukifika, mwingine anakwambia usirudi tena.

Hatua ya tano: majina, kata kuanzia mkiani

Majina ya mahali ndiyo yanayosumbua kuliko yote, kwa sababu hayamo kwenye kamusi na herufi zake zina maana nyingine. Dawa yake ni kuanza mwisho. Jina la Kichina hutaja aina ya kitu mwishoni: 路 barabara, 街 mtaa, 医院 hospitali, 大桥 daraja kubwa. Ukishaupata mkia, rudi nyuma polepole.

Mfano mashuhuri ni daraja la Nanjing juu ya mto Yangtze, lililofunguliwa mwaka 1968, lenye njia ya magari na ya reli. Jina lake rasmi ni 南京长江大桥, lakini katika mfano huu huongezwa 市, jiji: 南京市长江大桥. Mkia ni 大桥. Nyuma yake kuna 长江, jina la Kichina la mto Yangtze. Nyuma yake tena kuna 南京市, jiji la Nanjing. Kila herufi imepata kwao. Anayeanza kushoto bila kuangalia mkia anaweza kuona 南京, kisha 市长, ambalo ni neno halali la "meya", na kinachobaki, 江大桥, akakichukulia kuwa jina la mtu, kwa kuwa 江 kweli ni jina la ukoo. Daraja likageuka "Meya wa Nanjing, Jiang Daqiao". Ukiona tafsiri ya kibao cha mahali imemtaja mtu usiyemtarajia, shuku mkato kabla ya kumtafuta mtu huyo.

Kithai: hapa herufi zenyewe zinakusaidia

Kithai kina konsonanti na irabu, na baadhi ya irabu hukukataza kukata. Sheria mbili zinatosha kuanzia. Kwanza, irabu ะ, า na ำ, na pia zile zinazokaa juu au chini ya konsonanti, pamoja na alama za toni, haziwezi kuanza neno. Usikate kabla yake kamwe. Pili, irabu tano เ แ โ ใ ไ huandikwa kabla ya konsonanti yake, kwa hiyo kila uionapo mojawapo, silabi mpya inaanza hapo. Nasema silabi, sisemi neno: ทะเล, bahari, ni neno moja ingawa เ iko katikati yake.

Tufanye kibao kinachoonekana barabarani Thailand: ห้ามจอดตลอดแนว. Anza na pa uhakika. แ inaonyesha kwamba kuna silabi inayoanzia pale, na แนว ni neno, "mstari" au "ukingo". Sasa anza kushoto. ห้า ni neno: namba tano. Usikimbilie. Ukikata hapo, ม inabaki na kulazimika kuanza neno linalofuata, na hakuna neno linaloanza มจอ. Mabaki yamekataa. Ongeza ม, unapata ห้าม, "ni marufuku", ambalo ndilo neno la kufungulia la vibao vya Kithai. Endelea: จอ ni "skrini", lakini ukikata hapo ด itakosa pa kwenda. Ongeza, unapata จอด, "kuegesha". Kilichobaki ni ตลอด. Ndani yake kuna ลอด, "kupita chini ya kitu", lakini ukilichukua hilo, ต inaachwa yatima. ตลอด nzima ni "mfululizo, mwanzo hadi mwisho". Basi:

ห้าม | จอด | ตลอด | แนว: Ni marufuku kuegesha, urefu wote wa ukingo huu.

Picha ya pili inathibitisha ikiwa ukingo wa barabara umepakwa mistari myekundu na myeupe, ambayo Thailand ni alama ya kutoegesha. Umeona pia kwamba mitego mitatu, "tano", "skrini" na "kupita chini", yote ilikuwa maneno halali ya kamusi. Kilichoiondoa ni kuuliza kila mara: nikikata hapa, je, kinachobaki kinaweza kusimama?

Jaribio hilo lina kikomo chake. ตากลม ni mfano mashuhuri wa fani hii huko Thailand. ตา | กลม ni "macho ya duara". ตาก | ลม ni "kukaa kwenye upepo, kupunga upepo". Herufi ก inagombaniwa, na pande zote mbili hakuna mabaki. Angalia basi majirani. Ikifuatwa na โต, "kubwa", imekuwa ตากลมโต, na hapo ni macho: makubwa ya duara. Ikitanguliwa na jambo la kukaa barazani jioni, ni upepo. Wathai huitamka tofauti kabisa, kwa hiyo ukiwa na mwenyeji karibu mwombe aisome kwa sauti polepole. Huhitaji kuelewa toni. Sikiliza tu irabu ndefu ya kwanza inaishia wapi, kwenye *taa* au kwenye *taak*.

Hatua ya sita: iulize mashine, lakini ujue inavyofikiri

Kama unatumia Python, jieba hukata Kichina na PyThaiNLP hukata Kithai. Faida kubwa ya jieba kwa kazi yetu ni kwamba inaweza kukuonyesha maneno yote ya kamusi yaliyojificha ndani ya kibao, hata yanayopandana:

```python
import jieba
t = "乒乓球拍卖完了"
print("/".join(jieba.cut(t, cut_all=True)))
print("/".join(jieba.cut(t)))
```

Mstari wa kwanza wa jibu unakuonyesha wagombea, wa pili unakuonyesha chaguo lake. Maneno mawili ya mstari wa kwanza yakishiriki herufi moja, hiyo ndiyo herufi yako inayogombaniwa. Chaguo la jieba hutokana na wingi wa matumizi ya kila neno katika maandishi ya kawaida: huunganisha njia zote zinazowezekana na kuchukua ile yenye uwezekano mkubwa. Maandishi ya kawaida hayafanani na vibao, na mashine haijaona ndoo ya deki. Kwa vibao vya aina moja unavyokutana navyo mara kwa mara, ongeza neno mwenyewe:

```python
jieba.add_word("地滑")
```

Kwa Kithai:

```python
from pythainlp.tokenize import word_tokenize
print(word_tokenize("ห้ามจอดตลอดแนว", engine="newmm"))
```

`newmm` hulinganisha maandishi na kamusi na wakati huohuo hufuata zile sheria za irabu, hivyo haikati mahali palipokatazwa. Hata hivyo kwa ตากลม itakupa jibu moja tu, bila kukwambia kwamba kulikuwa na la pili.

Hatua ya saba: peleka mkato wako kwenye programu ya kutafsiri

Ukishaamua, usiirudishie programu maandishi yaleyale yasiyokatwa, maana itakata tena kwa njia yake. Kwa Kichina weka koma moja pale penye ugomvi: 小心，地滑. Koma hiyo inazuia 地 isirudi kushoto. Usitenganishe kila herufi kwa nafasi, kwani utavunja hata maneno yaliyokuwa salama.

Kwa Kithai kuwa mwangalifu zaidi. Nafasi kwa Kithai ni kituo cha kirai, kwa hiyo ukiiweka kati ya kila neno programu itadhani umeandika vipande visivyohusiana. Iache sentensi nzima kama ilivyo, na ukiwa na ugomvi kama wa ตากลม, ongeza neno linaloelekeza, kama lile โต, kisha liondoe katika tafsiri yako ya mwisho. Au tafsiri neno kwa neno kwa kamusi, kisha upange Kiswahili mwenyewe. Kwa vibao vifupi mimi hufanya hivyo kila mara, kwa kuwa maneno manne yaliyokatwa sawasawa huwa hayana tena kazi kubwa iliyobaki.

Mwisho hifadhi picha zote mbili, mkato ulioukubali na ule ulioukataa, kwenye ukurasa mmoja. Mtu akija kukwambia baadaye kwamba kibao kilimaanisha vingine, mtaanzia kwenye herufi iliyogombaniwa.